Nyimbo Zilizo Kwenye Kompyuta Yako, Ndani ya Spotify, Hadi Kwenye Simu: Mwongozo Kamili

Spotify ilifunguliwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi mnamo Februari 2021, na tangu wakati huo wengi wetu tumehamishia humo karibu kila kitu tunachosikiliza. Hata hivyo kila nyumba ina muziki ambao hautapatikana humo kwa kutafuta, kwa sababu haukuwahi kutolewa sokoni: kwaya ya usharika iliyorekodiwa kwa simu, kaswida za maulidi ya mtaani, au kanda ya harusi iliyokaa kabatini miaka mingi. Mimi nina kanda ya namna hiyo. Ni kanda ya dakika 60 iliyorekodiwa Pangani kwenye harusi ya mama yangu mdogo, ikiwa na nyimbo 11 zilizoimbwa na akina mama wa nyumbani, na nilitaka mama aisikilize kwenye simu yake, ndani ya programu ileile anayoitumia kila siku. Nitaifuata kanda hiyo tangu ilipokuwa faili kwenye kompyuta hadi ilipocheza kwenye simu, na nitakaa zaidi katika hatua mbili ambazo ndizo zinazowakwamisha watu wengi, yaani majina yaliyoandikwa ndani ya faili na mtandao unaounganisha vifaa viwili.

## Kinachotokea hasa

Jambo la kuelewa kabla ya kubofya chochote ni kwamba Spotify haipakii faili zako kwenye seva zake. Faili inabaki kwenye diski ya kompyuta yako, na programu inaisoma kutoka hapo ilipo. Unapouweka wimbo huo kwenye orodha ya nyimbo, kinachohifadhiwa kwenye akaunti yako ni maelezo ya wimbo tu: jina la mwimbaji, jina la albamu, jina la wimbo na urefu wake kwa sekunde. Maelezo hayo hupangwa katika anwani fupi ya namna hii:

```
spotify:local:Akina+Mama+wa+Pangani:Harusi+ya+Pangani:Kumpokea+Bwana+Harusi:287
```

Itazame anwani hiyo kwa makini. Haina jina la folda wala jina la faili, na wala haionyeshi kwamba wimbo uko kwenye kompyuta ipi. Ina mwimbaji, albamu, wimbo na sekunde 287, ambazo ni dakika 4 na sekunde 47. Orodha yako inapofunguliwa, programu hutafuta kwenye kifaa hicho faili ambayo maelezo yake ya ndani yanalingana na anwani, na ikiipata, wimbo unacheza. Isipoipata, wimbo unaonekana kwa rangi ya kijivu na ukiugusa haulii.

Kutokana na hilo mambo kadhaa yanajieleza yenyewe. Ukimtumia rafiki orodha hiyo, ataona majina ya nyimbo lakini hataweza kuzisikiliza, kwa kuwa faili hana. Ukifungua Spotify kupitia kivinjari badala ya programu iliyosakinishwa, nyimbo hizo hazitacheza. Na ili zifike kwenye simu ni lazima zisafiri moja kwa moja kutoka kompyuta hadi simu kupitia mtandao wa Wi-Fi wa mahali mlipo, maana hakuna nakala iliyohifadhiwa kwingine ambayo simu inaweza kuichukua. Kwenye kompyuta unaweza kuzisikiliza hata kwa akaunti ya bure, lakini kuzisawazisha na simu kunahitaji akaunti ya Premium. Asiye na Premium aishie kwenye kompyuta, au achague huduma ambayo hupakia faili kwenye seva zake, kama YouTube Music inayoruhusu hadi nyimbo 100,000 kwa akaunti. Huo ni utaratibu tofauti kabisa na sitauingia hapa.

## Kuandaa faili

Muundo wa uhakika ni MP3. Faili za M4A zisizopunguzwa ubora, ambazo hutokana na programu za Apple, hazikubaliwi, na rekodi za sauti za WhatsApp zenye kiambishi cha `.opus` nazo zisikupotezee muda. Badala ya kujaribu ipi itapita na ipi itagoma, geuza kila kitu kuwa MP3 mwanzoni, na utakuwa umefunga mlango mmoja wa matatizo.

Kanda yangu niliichezesha kwenye deki iliyounganishwa na kompyuta kwa waya, nikairekodi kwa programu ya Audacity, kisha nikaikata na kuhifadhi kila wimbo peke yake katika muundo wa WAV. WAV hula takriban megabaiti 10 na nusu kwa kila dakika, kwa hiyo kanda nzima ilifika kama megabaiti 635. Baada ya kugeuzwa kuwa MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde, kanda hiyohiyo ikawa kama megabaiti 86. Kwa rekodi ya kanda ya kaseti sioni sababu ya kwenda juu ya 192, kwa kuwa mvumo wa utepe wenyewe unazidi upungufu wowote utakaoletwa na mgeuzo huo. Faili za WAV usizifute. Ziweke kwenye diski ya nje, maana hizo ndizo asili yako, na MP3 ni nakala ya kusikilizia.

Anayependa kubofya anaweza kuhifadhi MP3 moja kwa moja kutoka Audacity kwa kufungua menyu ya `File` na kuchagua `Export Audio`. Mwenye faili nyingi atafanya haraka zaidi kwa ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, ambayo ni lazima uisakinishe kwanza. Fungua dirisha la amri la Windows ndani ya folda yenye faili, kisha andika mstari huu mmoja, ambao hugeuza faili zote za WAV zilizomo na kuziacha za awali bila kuzigusa:

```
for %f in (*.wav) do ffmpeg -i "%f" -c:a libmp3lame -b:a 192k "%~nf.mp3"
```

Ikiwa faili zako ni za M4A, badilisha `*.wav` iwe `*.m4a`. Jambo moja nimelikuta mara nyingi kwa watu ninaowasaidia: mtu hubadilisha jina la faili kutoka `wimbo.m4a` kuwa `wimbo.mp3` kwa mkono, akidhani ameshaigeuza. Kubadilisha kiambishi hakubadilishi kilichomo. Faili hiyo inaweza kulia vizuri kwenye VLC, kwa kuwa VLC huchungulia ndani kabla ya kucheza, na mwenyewe akaamini kwamba tatizo liko Spotify. Ukishuku jambo hilo, andika `ffmpeg -i wimbo.mp3` na usome mstari unaoanza na `Input`. Ukiona hapo `mp3`, faili ni ya kweli. Ukiona `mov,mp4,m4a`, umeshapata jibu.

Mwishowe tengeneza folda moja maalumu ya faili zilizokamilika. Yangu inaitwa `C:\Muziki wa nyumbani`. Usiache nyimbo ndani ya folda ya vipakuliwa, na usiziweke kwenye folda inayosawazishwa na hifadhi ya mtandaoni, kwani huduma za aina hiyo zinaweza kuacha kwenye diski jina tu la faili na kuiondoa sauti yenyewe ili kuokoa nafasi. Jina utaliona kwenye folda, lakini wimbo hautakuwepo mpaka upakuliwe tena.

## Majina kwanza, orodha baadaye

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Niliingiza nyimbo zote 11 zikiwa bado zinaitwa Upande A 01, Upande A 02 na kuendelea, nikazipanga kwenye orodha, nikazisawazisha na simu, na zikacheza. Siku ya pili nikaketi na mama, akanitajia jina la kila wimbo na nani alikuwa akiongoza, nami nikayaandika ndani ya faili kwa uangalifu. Nilipofungua tena orodha, nyimbo zote 11 zilikuwa kijivu. Kwa mujibu wa programu, nyimbo zilizokuwa kwenye orodha zilikuwa zimetoweka, na hizi zenye majina kamili zilikuwa ni nyimbo nyingine mpya. Ukirudi kwenye ile anwani niliyoionyesha juu utaona sababu yake: nilikuwa nimebadilisha sehemu tatu kati ya nne za anwani hiyo.

Sehemu ya nne, yaani urefu, inaweza kukuletea tatizo hilohilo hata kama hukugusa jina lolote. Ukiona wimbo una sekunde nane za ukimya mwanzoni, ukazikata na kuhifadhi faili upya, sekunde 287 zimekuwa 279 na orodha haiutambui tena wimbo huo. Kwa hiyo kazi zote za kukata, kupandisha sauti na kuandika majina zimalizike kabla faili haijaingia kwenye folda inayosomwa na Spotify.

Kwa kuandika majina ninatumia Mp3tag, ambayo ni ya bure kwenye Windows. Ifungue, vuta folda yako na uiachie ndani ya dirisha lake, na faili zote zitaorodheshwa upande wa kulia huku visanduku vya kujaza vikiwa upande wa kushoto. Vinavyotuhusu ni `Title`, `Artist`, `Album` na `Track`. Vile vinavyofanana kwa nyimbo zote vijaze kwa mara moja: bonyeza Ctrl na A ili kuzichagua zote, andika mwimbaji na albamu, kisha hifadhi kwa Ctrl na S. Baada ya hapo pitia wimbo mmoja mmoja uandike jina lake. Namba za mpangilio unaweza kuiachia programu izipange kwa Ctrl na K, ilimradi faili zimepangwa kwa utaratibu unaoutaka.

Kama majina ya faili yenyewe tayari yana mpangilio mzuri, kwa mfano `03 - Kumpokea Bwana Harusi.mp3`, huna haja ya kuandika upya. Chagua faili zote, fungua menyu ya `Convert`, chagua `Filename - Tag`, na katika kisanduku andika mpangilio huu:

```
%track% - %title%
```

Mp3tag itachukua 03 na kuiweka kwenye namba, na maneno yanayofuata itayaweka kwenye jina la wimbo. Kabla ya kukubali itakuonyesha mfano wa matokeo, nao uusome, hasa kama baadhi ya majina ya nyimbo yana kistariungio ndani yake.

Kuhusu mwimbaji, chagua namna moja ya kuandika na uishike. "Akina Mama wa Pangani" na "Akinamama wa Pangani" kwa jicho letu ni kitu kimoja, lakini kwa programu ni waimbaji wawili. Rekodi za nyumbani mara nyingi hazina jina rasmi la kikundi, kwa hiyo mwenye kuandika ndiye anayelitunga, na ni vizuri kumshirikisha mtu aliyekuwepo siku ile. Picha nayo inastahili dakika moja: bofya kwa kitufe cha kulia kwenye kisanduku cha picha kilicho chini kushoto, chagua `Add cover`, na weka picha ya mraba ya pikseli 600 kwa 600 au inayokaribia hapo. Mimi niliweka picha ya karatasi ya kanda yenyewe, yenye mwandiko wa marehemu babu.

## Kuionyesha Spotify folda yako

Tumia programu ya Spotify iliyosakinishwa kwenye kompyuta, si kivinjari. Majina ya vitufe ninayoyataja ni ya programu ikiwa katika Kiingereza. Spotify ina Kiswahili pia, na ukiwa umeichagua lugha hiyo vitufe viko mahali palepale.

Bofya picha yako iliyo juu kulia, ingia `Settings`, kisha shuka hadi sehemu ya `Your Library` na uwashe `Show Local Files`. Ukishaiwasha, chini yake itatokea orodha ya folda zinazosomwa. Kwa kawaida utakuta `Downloads` na `Music Library` zimeshawashwa. Ninashauri uzime `Downloads` mara moja, la sivyo kila mahubiri, mlio wa simu na kipande cha sauti ulichowahi kupakua kitajipanga kando ya nyimbo zako. Bofya `Add a source`, tafuta folda yako, uikubali, na uhakikishe inaonekana kwenye orodha ikiwa imewashwa.

Sasa rudi kwenye maktaba yako upande wa kushoto. Utaona kitu kipya kinachoitwa `Local Files`. Kifungue, hesabu nyimbo, na ulinganishe na idadi ya faili zilizo kwenye folda. Kwangu zinapaswa kuwa 11. Zikiwa pungufu, ile isiyoonekana ina kasoro ya muundo, na utarudi kwenye kile kipimo cha ffmpeg. Kisha icheze kila moja kwa sekunde chache hapohapo kwenye kompyuta, kwa sababu wimbo usiocheza kwenye kompyuta hauwezi kucheza kwenye simu, na ni rahisi zaidi kuligundua tatizo likiwa bado lina sehemu moja ya kutafuta.

Zikishacheza, bonyeza Ctrl na A ndani ya `Local Files` kuzichagua zote, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua `Add to playlist`, kisha `New playlist`. Ipe orodha jina. Faili zako hazionekani kwa wengine, lakini majina ya nyimbo yanaonekana kwa kila awezaye kuiona orodha, na kwa rekodi za familia majina hayo huwa yana majina ya watu. Kwa hiyo bofya orodha hiyo kwa kitufe cha kulia na uchague `Make private` kabla hujaendelea.

## Kuvusha nyimbo hadi kwenye simu

Kabla ya kugusa simu, hakikisha mambo matatu: akaunti iliyofunguliwa kwenye simu ni ileile iliyo kwenye kompyuta, vifaa vyote viwili viko kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi, na Spotify iko wazi kwenye vyote viwili. Kwa kuwa mama ana simu yake na akaunti yake, niliingia kwa akaunti yake kwenye kompyuta yangu na kutengeneza orodha humo. Kutengeneza orodha kwenye akaunti yangu na kumtumia kusingefaa kitu.

Kwenye iPhone, fungua Spotify, gusa picha yako, ingia kwenye mipangilio na utafute mstari unaohusu `Local audio files` au `Local Files`, kutegemea toleo la programu, kisha uuwashe. Simu itauliza kama unairuhusu Spotify kutafuta vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani, na hapo ni lazima ukubali. Aliyewahi kukataa hataulizwa tena, na itambidi aende kwenye mipangilio ya simu yenyewe, `Privacy & Security`, kisha `Local Network`, na kuiwasha Spotify humo. Kompyuta za Mac zenye macOS 15 na kuendelea nazo zina ruhusa ya jina hilohilo, kwa hiyo mwenye Mac akague pande zote mbili. Kwenye Android mara nyingi huhitaji kuwasha chochote ili kuipokea orodha kutoka kompyuta.

Baada ya hapo fungua ile orodha kwenye simu. Mwanzoni nyimbo zitakuwa kijivu, na hiyo ni hali ya kawaida, kwani simu imepokea majina tu. Gusa mshale wa kupakua ulio juu ya orodha, kisha iache simu ikiwa na kioo kilichowaka na Spotify ikiwa mbele, na kompyuta isilale. Nyimbo zitaanza kupata alama ya kijani moja baada ya nyingine. Zangu 11 zilimalizika kabla chai haijapoa. Zikishakuwa na alama hiyo, nakala za sauti ziko ndani ya simu, na unaweza kuzima kompyuta na kuondoka.

## Zikiendelea kuwa kijivu

Ikiwa mshale umeugusa na dakika kumi zimepita bila wimbo hata mmoja kushuka, lakini kwenye kompyuta nyimbo zote zinacheza, basi faili zako ni nzima na tatizo ni kwamba simu na kompyuta hazionani. Ikiwa baadhi zimeshuka na nyingine zimegoma, mtandao ni mzima na tatizo liko kwenye faili zilizogoma. Tofauti hiyo ndiyo ya kuanza nayo, kwani itakuokoa kuzunguka kwenye mipangilio isiyohusika.

Kwa tatizo la kutoonana kwenye Windows, mtuhumiwa wa kwanza ni kinga ya mtandao ya kompyuta. Tafuta `Allow an app through Windows Firewall` kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya `Change settings`, shuka hadi `Spotify` na uweke alama kwenye safu ya `Private`. Kisha fungua mipangilio ya Wi-Fi unayoitumia na uhakikishe imewekwa kuwa `Private network`, kwa sababu ikiwa `Public network`, Windows huificha kompyuta yako isionekane na vifaa vingine hata kama umeiruhusu Spotify kwenye safu ile nyingine. Ukimaliza, funga Spotify kabisa pande zote mbili na uifungue upya.

Mtuhumiwa wa pili ni Wi-Fi yenyewe. Mitandao ya hoteli, ofisi na mabweni mara nyingi imewekwa kwa namna ambayo kila kifaa kinafika intaneti lakini hakiruhusiwi kuongea na kifaa cha jirani, na mtandao wa wageni kwenye ruta nyingi za nyumbani uko hivyohivyo. Niliwahi kukaa jioni nzima kwenye nyumba ya wageni nikifuta na kusakinisha programu upya, wakati ambapo hakuna chochote kwenye kompyuta yangu kilichokuwa na kosa. Namna ya kutambua ni rahisi: achana na mtandao huo kwa muda, washa mtandaopepe kwenye simu ya tatu, na uiunganishe kompyuta na simu inayopokea kwenye huo. Nyimbo zikianza kushuka, ruta ndiyo iliyokuwa ikizuia. Usihofie sana bando katika jaribio hilo, kwa kuwa faili zenyewe zinapita kati ya vifaa viwili bila kwenda intaneti. Kinachotumia bando ni Spotify kuthibitisha akaunti na mambo yake mengine ya kawaida, na ni vyema usicheze nyimbo za mtandaoni wakati huo.

Simu zinazobana betri kwa nguvu nazo huisimamisha Spotify mara kioo kinapozimika. Zima hali ya kuokoa betri kwa muda wa kazi hiyo tu.

Mtandao ukishindikana kabisa, kuna njia ya waya. Kwenye Android, iunganishe simu na kompyuta kwa kebo ya USB, chagua hali ya kuhamisha faili, nakili MP3 zako kwenye folda ya `Music` ya simu, kisha ndani ya Spotify ya simu uwashe ile sehemu ya faili za sauti zilizo kwenye kifaa na uipe ruhusa inayoiomba. Kwenye iPhone, faili zinawekwa ndani ya folda ya Spotify inayoonekana kwenye programu ya `Files`. Nyimbo zitaonekana chini ya `Local Files` kwenye simu. Nakili faili zilezile zilizoandikwa majina, wala usichukue matoleo mengine yaliyobaki kwenye simu tangu siku ya kurekodi.

## Zikishafika

Spotify huruhusu nyimbo 10,000 zilizopakuliwa kwa kila kifaa, katika vifaa visivyozidi 5, na simu inapaswa kuingia mtandaoni angalau mara moja katika kila siku 30, la sivyo vilivyopakuliwa huondolewa. Kwa nyimbo za kawaida hilo si tatizo, kwani zitapakuliwa upya popote palipo na intaneti. Kwa nyimbo zako mwenyewe ni jambo zito zaidi, maana zikiondolewa hazirudi mpaka simu na kompyuta zikutane tena kwenye Wi-Fi moja. Kutoka kwenye akaunti, kuisakinisha programu upya au kufuta data yake kuna matokeo hayohayo. Mama anaishi safari ya saa kadhaa kutoka kwangu, kwa hiyo nimemwomba asikubali fundi yeyote "amsafishie" simu bila kuniuliza, na nimemwachia pia MP3 zenyewe kwenye kadi ya kumbukumbu.

Mwaka jana nilibadilisha kompyuta. Nilinakili folda ya `Muziki wa nyumbani` kutoka diski ya nje, nikaiweka kwenye diski ya D badala ya C, nikasakinisha Spotify, nikawasha `Show Local Files` na kuongeza folda hiyo kama chanzo. Nilipoifungua orodha ya harusi, nyimbo zote 11 zilikuwa nyeupe na zinacheza, bila kuongeza hata mmoja upya, kwa sababu mwimbaji, albamu, jina na sekunde zilikuwa vilevile.